Asilimia 40 kwa Mwezi, "Faida ya Uhakika": Dalili ya Utapeli Imo Ndani ya Ahadi Yenyewe

Swali lililotusukuma kuandika limetoka Akheri, kwa dada anayenunua ndizi mashambani na kuzipeleka soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi. Kwa miaka miwili amejiwekea laki sita za kumnunulia mwanawe mahitaji ya shule. Jirani yake amemwonyesha kwenye simu mpango wa uwekezaji: unaweka fedha, baada ya siku 30 unarudishiwa pamoja na asilimia 40 juu yake, mtaji "umelindwa", na ukimleta mwingine unapewa komisheni. Jirani mwenyewe aliweka laki moja na amelipwa 140,000, fedha imeingia kwenye simu yake na ujumbe upo. Dada anauliza mambo mawili: je, ni halali? Na je, ni salama, maana mwenzake amelipwa kweli?

Tutaanza na la pili, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanaponasa. Ujumbe wa malipo si ushahidi kwamba kuna biashara. Ni ushahidi kwamba kuna mtu mwingine aliyeweka fedha baada ya jirani.

Tuchukue watu 100, kila mmoja aweke laki moja. Kwenye kapu kuna milioni 10. Tuseme kwamba hakuna biashara yoyote inayofanyika, na mwendeshaji hajachukua hata shilingi moja kwa ajili yake. Siku ya 30 ikifika wote wanadai, deni ni milioni 14. Kapu lina milioni 10, kwa hiyo wanahitajika watu wapya 40 ili kujaza pengo. Hao 40 nao mwezi unaofuata wanadai milioni 5 na laki 6 na kapu ni tupu, kwa hiyo wanatakiwa wapya 56. Kisha 79, kisha zaidi ya 100. Hakuna mwezi ambao mpango unaweza kupumzika.

Waendeshaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanakusihi usitoe fedha bali "uizungushe". Wale 100 wa mwanzo wakikubali kuzungusha kwa miezi sita, simu ya kila mmoja itaonyesha kiasi cha 753,000. Kwa pamoja wanaamini wana milioni 75. Kwenye kapu bado ni zile zile milioni 10, ikiwa hazijabebwa. Namba kwenye kioo cha simu imekua, fedha haikukua. Na hapo ndipo mwendeshaji anapoweza kuwalipa wachache wanaotoa, kwa wakati na kwa tabasamu, kwa sababu walio wengi hawatoi. Jirani aliyelipwa 140,000 amegharimu kapu 40,000 tu zaidi ya alichoweka, naye atawaleta watano. Hilo ni tangazo la bei rahisi sana.

Kipimo kingine ni kutazama biashara halisi inazaa nini. Mwaka 2022 benki ya KCB hapa Tanzania iliuza sukuk, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba, zilizokuwa na matarajio ya faida ya karibu asilimia 9 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Asilimia 40 kwa mwezi ikizungushwa mwaka mzima hugeuza laki sita za dada yetu kuwa milioni 34. Mwenye siri ya kufanya hivyo hana haja ya kuja Akheri kutafuta laki sita za muuza ndizi.

Nchi yetu imeshapita hapa. Wanaokumbuka mwaka 2009 wanakumbuka DECI. Watu walikuwa "wakipanda mbegu" na kusubiri "kuvuna" mara mbili au zaidi ya walichopanda, na baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji. Foleni zilikuwa za kweli, na kwa muda malipo yalikuwa ya kweli. Serikali iliingilia kati mwaka huo, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani viongozi kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za umma bila leseni, wakaadhibiwa kwa faini au kifungo cha miaka mitatu. Maelfu ya wanachama walikuwa wameshapanda. Miaka kumi na sita baadaye, mwanzoni mwa 2025, ikaja LBL, safari hii kwa simu: unalipia kiwango, unatazama matangazo, unahesabiwa kipato cha kila siku, unaalika wenzako. Benki Kuu ikatangaza kuwa haina leseni yake, na polisi wakakamata watu katika mikoa kadhaa. Lugha ya shamba iligeuka kuwa lugha ya kazi ya mtandaoni. Hesabu ya kapu haikugeuka.

Tusiwacheke waliovutwa na lugha ya kanisani. Kwetu utapeli huo huo unakuja na "uwekezaji halali", "hatuna riba", picha ya Al-Kaaba kwenye kundi la WhatsApp, na ustadhi anayefungua mkutano kwa dua. Mara nyingi naye ameweka fedha zake na hajui.

Jina la upatu limeleta mkanganyiko, kwa hiyo tulieleze. Akina mama kumi wanaochanga 20,000 kila wiki na kumpa mmoja wao laki mbili kwa zamu wanacheza mchezo unaojulikana. Mwisho wa mzunguko kila mmoja ametoa laki mbili na amepokea laki mbili. Hakuna aliyezidishiwa, kila mmoja anawajua wenzake tisa, na mchezo unaisha bila kuhitaji mtu wa kumi na moja. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameuruhusu kwa kuwa ni kukopeshana bila ziada. Upatu haramu ni ule ambao lazima apatikane mtu mpya ili wa zamani azidishiwe. Ukitaka kuutambua, uliza swali moja: tukifunga mlango leo asiingie mwingine yeyote, je, wote waliomo watalipwa walichoahidiwa?

Sasa tuje kwenye sharia, na hapa dada atashangaa kuona kwamba fiqhi na hesabu zinakutana mahali pamoja. Kumpa mtu mali akufanyie biashara ni mudharaba, na inaruhusiwa. Lakini ina masharti. Mwenye mali na mfanyakazi hugawana faida itakayopatikana, kwa mfano nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili. Ikipatikana hasara bila uzembe wala hiana, mwenye mali anapoteza mali na mfanyakazi anapoteza jasho lake. Ibnul-Mundhir (rahimahullah) amenukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba mudharaba inabatilika ikiwa mmoja atajiwekea kiasi maalumu cha dirhamu. Asilimia 40 ya mtaji ni kiasi maalumu. Ukiongeza na ahadi kwamba mtaji hautapotea kwa hali yoyote, hiyo si biashara tena. Ni mkopo wenye ziada iliyoshurutishwa, nao ndio riba iliyoharamishwa katika Suratul-Baqarah, aya ya 275 na kuendelea. Na fedha ya ziada ikiwa inatoka mfukoni mwa anayefuata, basi ni kula mali za watu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratun-Nisaa aya ya 29.

Kwa hiyo neno "uhakika", ambalo mpango unalitumia kukutuliza, ndilo linalouharamisha. Nalo ndilo linaloufichua pia, kwa sababu mfanyabiashara mkweli hawezi kulitamka. Dada mwenyewe hawezi kumwahidi mtu faida ya mkungu wa ndizi Jumamosi ijayo, kwa kuwa hajui mvua itakatisha barabara au soko litafurika.

Kuhusu leseni, kuna ujanja mmoja wa kuujua. Waendeshaji huonyesha cheti cha BRELA na namba ya mlipakodi, vimewekwa kwenye fremu ukutani. Vyote viwili vinaweza kuwa vya kweli. BRELA inasajili jina na kampuni. Haimpi mtu ruhusa ya kupokea amana za wananchi. Ruhusa hiyo hutolewa na Benki Kuu, na uwekezaji wa pamoja unaouzwa kwa umma husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Orodha ya taasisi zenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu, bot.go.tz. Jina lisipokuwepo, cheti cha ukutani hakisaidii. Hata likiwepo, hakikisha ni taasisi ile ile na si tapeli aliyeazima jina lake.

Kwa aliyekwisha kuweka fedha, dalili ya mwisho huwa ni hii: unapotaka kutoa, unaambiwa mfumo unaboreshwa, au ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungulia akaunti". Usilipe. Anayekudai fedha ili akupe fedha yako anachukua ya mwisho uliyobaki nayo. Ikiwa muamala ni wa saa chache zilizopita, wasiliana na mtandao wako wa simu mara moja uombe uzuiwe. Hifadhi jumbe za malipo na mazungumzo kabla kundi halijafutwa, peleka kituo cha polisi, na namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040.

Limebaki suala la jirani, ambalo dada hakuliuliza lakini jirani atauliza. Ana laki moja yake na 40,000 juu yake. Suratul-Baqarah aya ya 279 inawapa wanaotubia haki ya rasilimali zao tu, hivyo ile 40,000 si yake. Kadhalika kila komisheni aliyolipwa kwa kuwaleta watu. Akimjua mwenye haki, kwa mfano ikiwa amemwingiza dada yake na akalipwa kwa hilo, amrudishie huyo huyo. Asipomjua, aitoe kwa mafukara kwa nia ya kujitakasa nayo, si kwa kutarajia thawabu za sadaka. Na awaambie aliowaleta, leo, watoe fedha zao ikiwa bado zinatoka, na wasimlete mwingine.

Wallaahu a'lam.