Huachi kubeti kwa sababu umefunzwa kutoacha

Wacha nianze na dadangu.

Ule mwaka nilitoka chuo, nilikuwa nampigia simu karibu kila siku kumwomba pesa. Jumatatu anakataa. Jumanne anakataa. Alhamisi hashiki simu. Jumamosi, akiwa amechoka na sauti yangu, anatuma mia tano. Wiki ingine alikataa mara tisa ndiyo akatuma mia tatu. Kuna siku alituma nikiomba mara ya kwanza tu. Yeye alidhani ananizoesha kujitegemea. Kumbe alikuwa ananifunza kutochoka kuomba.

Na hizo pesa zilikuwa zinaenda wapi? Kwa kale kamchezo ka ndege kwenye simu. Unaweka doo, ndege inapaa, pesa yako inazidi kuongezeka, na lazima utoe kabla ndege haijapotea. Karo yangu ya muhula mzima, Sh23,000, ilipaa nayo.

Watu waliniambia ni tamaa. Wengine wakasema sina nidhamu. Mimi nakwambia kuna kitu kingine, na kilipimwa kwa panya na njiwa kabla wewe na mimi kuzaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kijana mmoja pale chuo cha Harvard, B. F. Skinner, alikuwa na panya ndani ya boksi. Panya akibonyeza kijiti, kidonge cha chakula kinaanguka. Vile vidonge Skinner alikuwa anavitengeneza mwenyewe kwa mkono. Jumamosi moja alasiri akapiga hesabu, akaona vitaisha Jumatatu asubuhi asipotumia alasiri na jioni hiyo yote kutengeneza vingine. Hakutaka. Akajiuliza, kwani lazima kila kubonyeza kulipwe? Akaanza kulipa mara moja tu kwa dakika. Panya hakugoma. Aliendelea kubonyeza.

Uvivu huo wa Jumamosi ukazaa kazi ya miaka. Mwaka wa 1957 Skinner na mwenzake Charles Ferster walitoa kitabu kikubwa kuhusu ratiba za zawadi, wakiwa wametumia sanasana njiwa wanaodonoa kitufe ili wapate nafaka. Ratiba zenyewe za msingi ni nne, na wewe unaziishi kila siku hapa mjini.

Ya kwanza ni uwiano usiobadilika. Unalipwa kila ukifikisha idadi fulani. Fikiria mtu wa mjengo anayelipwa kwa kila matofali mia anayobeba. Anabeba kwa kasi, akifikisha mia anapumzika kidogo, halafu anaanza tena. Njiwa hufanya vivyo hivyo: mbio, zawadi, pumziko.

Ya pili ni muda usiobadilika. Kama mtaa wenu hupata maji kila Alhamisi, hakuna anayefungua mfereji Ijumaa. Jumatano jioni unaanza kujaribujaribu, na Alhamisi asubuhi huwezi kuuacha. Mwendo unaanza polepole na kupanda jinsi saa inavyokaribia.

Ya tatu ni muda unaobadilika. Umetuma maombi ya kazi na jibu litakuja siku isiyojulikana. Kuangalia simu mara mia hakuleti jibu haraka, kwa hivyo unaangalia kwa utulivu, kila mara, bila mbio.

Ya nne ndiyo iliyonimaliza: uwiano unaobadilika. Zawadi inategemea idadi ya majaribio, lakini idadi yenyewe hubadilika. Leo ni la tatu, kesho ni la ishirini na mbili, kesho kutwa yanafuatana mawili. Hapa njiwa hapumziki. Anadonoa haraka na kwa mwendo ule ule, kwa sababu donoo linalofuata laweza kuwa ndilo. Kamari hulipa kwa ratiba hii.

Sasa swali la maana ni hili: zawadi ikikatwa kabisa, nani ataacha mapema?

Chukua ile mashine ya maziwa ya mtaani. Kila ukiweka pesa, maziwa yanatoka. Siku moja unaweka na hakuna kitu. Unabonyeza tena, unagonga mara mbili, unamwita mwenye duka, unaenda zako. Kujaribu kumezimika baada ya dakika mbili. Halafu mkumbuke jamaa aliyekuwa anakaa kwa zile mashine za kamari zilizokuwa zinameza sarafu za mbao. Sarafu ya kumi ikimezwa hakusema mashine imeharibika. Alisema imejaa, iko karibu kutapika.

Tupige hesabu kidogo, usiogope. Tuseme kuna mashine mbili, na zote hulipa mara moja kwa kila majaribio kumi. Ya kwanza hulipa kila jaribio la kumi bila kukosa. Ya pili hulipa mara moja kwa kumi kwa wastani, lakini kwa bahati. Usiku fundi anazizima zote bila kukwambia. Kwa ile ya kwanza, ukifika la kumi na usilipwe, umejua. Kwa ya pili, kukosa mara kumi mfululizo hutokea hata ikiwa nzima, karibu mara 35 kwa kila 100. Kukosa mara ishirini mfululizo hutokea karibu mara 12 kwa 100. Ili uwe na hakika ya asilimia 99 kwamba imekufa, unahitaji kukosa mara 44 mfululizo. Malipo ni yale yale, lakini moja inakuaga siku hiyo hiyo na ingine inakuweka kitini usiku kucha.

Utasema njiwa hajui asilimia. Kweli. Ndiyo maana hesabu hiyo ni nusu tu ya jibu. Mwaka wa 1962 watafiti wawili, Jenkins na Theios, kila mmoja na jaribio lake, waliwazoesha wanyama kulipwa mara moja moja, kisha wakawalipa kila mara kwa kipindi kizuri, ndipo wakakata zawadi. Kama ni suala la kutambua mabadiliko tu, wanyama hao wangeacha haraka. Hawakuacha haraka. Ule ugumu uliojengwa mwanzo ulibaki.

Abram Amsel alieleza hivi: kukosa huleta machungu, na machungu hayo mara nyingi yakifuatwa na ushindi, yanageuka kuwa ishara ya kuendelea. Soma hiyo tena polepole. Mtu anayelipwa kila mara akikosa, kukosa kunamwambia acha. Wewe na mimi tukikosa, kukosa kunatuambia ongeza. Maumivu ambayo yangetutoa pale ndiyo yanatukalisha.

Rudi kwa kale ka ndege. Tuseme kanarudisha Sh97 kwa kila Sh100 zinazowekwa. Ukisubiri hadi pesa yako ifike mara kumi ndiyo utoe, utafaulu karibu mara moja kwa kumi. Ukitoa ikiwa mara mbili, utafaulu chini kidogo ya nusu. Yaani unajichagulia mwenyewe ratiba, na hiyo inakufanya ujione rubani. Lakini ukichagua yoyote, wastani ni kupoteza Sh3 kwa kila mia unayoweka. Inaonekana kidogo. Ila raundi moja ni sekunde chache, na ile unayoshinda unairudisha. Raundi mia za mbao ni Sh2,000 zilizopita mkononi, na wastani wa hasara ni Sh60. Kaa kila usiku, ongeza dau ukikasirika, utajua elfu 23 huenda vipi.

Ndiyo maana ushauri wa "cheza kidogo tu" naupinga. Ukicheza Jumamosi pekee, ratiba haijabadilika hata chembe. Bado unalipwa mara moja moja, bado kukosa kunakwambia ongeza. Umepunguza siku za somo, hujafuta somo.

Na hata kukaa miezi mitatu bila kucheza siyo kuzimika. Kuzimika kwa maana ya Skinner ni njiwa kudonoa na kudonoa bila kupata, mpaka achoke. Njiwa aliyetolewa kwenye boksi hajasahau, hayupo tu. Mrudishe, atadonoa. Hata yule aliyekwisha kuzimika, ukimpumzisha na kumrudisha kesho, huanza tena kidogo. Kwa hivyo ile ofa ya dau la bure inayokuja kwa simu baada ya wewe kupotea wiki mbili siyo ukarimu. Ni mtu anafungua mlango wa boksi.

Sisemi ratiba inaeleza kila kitu. Nilicheza na wasee wanne, na wawili waliacha bila shida wakaenda zao. Madeni, upweke, kukosa kazi, hayo yote yana uzito wake. Lakini ukinyooshea kidole moyo wa mtu pekee, umeacha mashine ikiendelea kufanya kazi.

Dadangu ndiye aliyenifungua macho, na hajawahi kusikia jina la Skinner. Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, chakula kipo kwangu kila Jumapili. Pesa sitatuma tena, hata ukilia." Wiki hiyo nilipiga simu kuliko nilivyowahi kupiga, Jumatano pekee mara kumi na nne. Hiyo pia inajulikana: zawadi ikikatwa, juhudi huweza kupanda kwanza kabla ya kushuka. Wengi hukubali hapo juu kabisa, na wakikubali wanakuwa wamelipa ile kelele kubwa. Yeye hakukubali hata mara moja. Baada ya mwezi, nikaacha kuomba. Jumapili nilikuwa nafika saa saba kamili.

Kwa mchezo nilifanya kitu hicho hicho. Sikuapa kuwa na nguvu, kwa sababu nguvu ya kutoacha ndiyo nilikuwa nayo nyingi. Niliomba akaunti yangu ifungwe moja kwa moja, nikabadilisha laini ili ofa zisinifikie, na malipo ya kazi zangu ndogondogo yakawa yanaingia kwa simu ya dadangu, ananipa nauli na ya chakula. Ni aibu kidogo kwa mwanamume wa miaka 24. Ni sawa.

Kwa hivyo ukiwa na ndugu anayebeti, usimpe hotuba, na usimpe pesa mara moja moja. Mpe kitu kisichobadilika, au umnyime bila kubadilika. Na ukiwa ni wewe, usikae ndani ya boksi ukijiahidi hutadonoa. Toka, na funguo mpe mtu mwingine.