“Walii wako nani?” “Sijui.”



Siku hizi vijana wetu wa visiwani wanaoa bara, na mabinti wa bara wanakuja kuolewa huku. Posa inapokwenda mbali, kama kule Mzinga, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mara nyingi ni sisi wanawake tunaokaa na binti kumuuliza mambo ya kuandikisha ndoa. Jina lake anajua. Umri anajua. Tukifika kwenye walii anainamisha kichwa na kusema, “Sijui.”

Wengi wetu hapo tunafanya kosa moja. Tunatazama nani yumo nyumbani, tunamwona mjomba anayeheshimiwa na kila mtu, ndiye aliyepokea posa, basi tunamjibia binti: “Si mjomba wako?” Naye anaitika, “Haya, mjomba.” Jina linaandikwa. Kwa maoni yetu, jibu hilo ni baya kuliko ile “sijui.” “Sijui” ilikuwa kweli, na hili si kweli.

Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake, ndoa zao zikiwemo. Binti aliyekulia hapo akisikia “msimamizi wako nani,” anaona mjomba. Lakini walii wa nikaha anatoka upande wa baba. Katika madhehebu ya Shafi, anayefuatwa na wengi wetu, anaanza baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka wa baba mmoja na mama mmoja, kisha kaka wa baba mmoja tu, kisha watoto wa kiume wa hao kaka, kisha ami, na watoto wa kiume wa ami. Wote hao wakikosekana, kadhi. Mjomba hamo, hata kama ndiye aliyemlea na kumsomesha. Na nikaha iliyofungwa bila walii anayestahiki haisihi kwa Shafi. Kwa hiyo jina hilo moja ndilo linalobeba ndoa nzima.

Basi binti akisema “sijui,” tufanye nini? Kwanza tujue ni “sijui” ya namna gani.

Ya kwanza ni ya neno. Huenda hajawahi kuelezwa walii ni nani. Kurudia swali kwa sauti kubwa hakumsaidii. Mvunjie swali lako vipande ambavyo jibu lake analo: Baba aliyekuzaa yu hai? Babu mzaa baba je? Una kaka? Hapo kwenye kaka usikubali jibu la haraka, kwa sababu majina yetu ya ujamaa ni mapana. Mtoto wa mama mkubwa naye huitwa kaka. Kaka wa mama mmoja baba mbali ni kaka wa kweli nyumbani, lakini kwa nikaha si walii. “Baba mdogo” naye anaweza kuwa mume wa mama mdogo. Kwa hiyo uliza: “Huyo kaka, baba yenu ni mmoja?” “Huyo baba mdogo, amezaliwa na nani?”

Ya pili ni ya habari. Swali amelifahamu, ila jibu liko kwa mtu mwengine. Pengine baba na mama waliachana yeye akiwa mchanga. Hapo usimbane binti, muulize, “Nani anayejua?” Atakwambia mama, au bibi. Kisha nenda kwa huyo. Na kwenye karatasi yako usiache nafasi tupu, maana nafasi tupu ina tabia ya kujazwa na mtu mwengine. Andika: “Bado haijulikani, ataulizwa bibi, siku fulani.”

Tuchukue mfano. Binti wa Mzinga hajui walii wake. Kwa vile vipande vidogo anasema baba alifariki, na kaka zake wawili ni wa mama tu. Upande wa baba hana anayemjua. Bibi anaulizwa, anasema babu mzaa baba naye amefariki, baba hakuacha mtoto mwengine, lakini ana mdogo wake wa kiume, baba yao mmoja, yuko Matombo. Huyo ndiye ami, na ndiye walii. Ami hawezi kumuozesha binti bila idhini yake, basi binti anaulizwa kwanza, kisha ami anapigiwa simu. Akiwa hawezi kuja, anaweza kumuwakilisha mtu afunge ndoa kwa niaba yake, na hakuna kinachozuia mtu huyo awe mjomba yule yule. Ni vizuri aseme mbele ya watu wawili, ili kesho pasiwe na mabishano. Mjomba anakaa mbele ya watu kwa heshima yake, ila sasa anakaa kama wakili wa walii, na ndoa imesimama juu ya msingi wake.

Lakini kama jibu la bibi lingekuwa, “Baba yu hai, ila hatujui yuko wapi,” mambo yangebadilika. Baba akiwa hai na hapatikani, nafasi yake haimwendei ami. Kwa Shafi suala linapelekwa kwa kadhi. Ndiyo maana “amefariki” na “hatujui alipo” tusizichanganye hata kidogo.

Ya tatu ndiyo nzito. Binti anajua, ila hawezi kusema. Utaiona kwa namna inavyokuja. Ile ya pili huja na “labda mama anajua.” Hii huja haraka, kavu, na mama mwenyewe anageuza mazungumzo. Pengine alizaliwa nje ya ndoa, na mbele yake wamekaa mawifi wa kesho. Tuache kuuliza hapo hapo. Baadaye mwanamke mmoja tu, mwenye kuweka siri, azungumze na mama faraghani. Ikiwa ndivyo, mtoto huyo kisheria ya dini hana walii wa nasaba upande wa baba, na kadhi ndiye anayemuozesha. Kadhi aambiwe yote. Sisi wengine inatutosha kujua “walii ni kadhi.” Sababu haituhusu, na haiendi ukumbini.

Haya yote yanahitaji muda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika bara, inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla. Maswali ya walii yaulizwe kabla ya siku hizo kuanza kuhesabiwa, wala yasisubiri usiku wa hina.

Na neno la mwisho kwa wanaouliza. Tumefundishwa kwamba bikira akiulizwa ridhaa yake akanyamaza, kimya chake ni idhini. Lakini “sijui” si kimya. Ni kauli, na aliyeisema amekwambia hajafika kwenye jibu. Imamu Malik, pamoja na elimu yake yote, anajulikana kwa kusema “sijui” mbele ya watu bila kuona haya. Tusimwonee haya binti wa watu kwa neno ambalo imamu hakulionea haya, wala tusilifunike kwa jina la mtu aliyekaa karibu.