TAHARIRI: Kabla ya kutuma ada, tuombe jedwali

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu zetu huku ughaibuni hazitulii. Mpwa wa Kwa Mathias, Kibaha, amefaulu, dirisha la udahili limefunguliwa, na anayesubiriwa ni mjomba au shangazi wa kulipa. Tunachotumiwa huwa jina la chuo na ada ya mwaka wa kwanza. Hayo hayatoshi. Tumwombe kijana jedwali, aanze kulijaza kwa sifa za kujiunga.

Tuchukue kijana wa EGM mwenye C ya Uchumi, C ya Jiografia na S ya Hisabati. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi 4. C ni pointi 3, hivyo ana 6 na kiwango amekivuka. Lakini kila programu hutaja masomo inayoyahesabu, na S haihesabiwi kuwa ufaulu wa aina hiyo. Jedwali lake, kwa ada za mfano, ni hili:

| Programu | Masomo | Miaka | Ada kwa mwaka (sh.) | Mfumo |
|---|---|---|---|---|
| A | Hisabati na Uchumi | 3 | 1,000,000 | Kutwa chuoni |
| B | Uchumi na Jiografia | 4 | 1,200,000 | Kutwa chuoni |
| C | Uchumi na Jiografia | 3 | 1,400,000 | Kutwa chuoni |

A, iliyo rahisi kuliko zote, inafutwa kwa sababu ya Hisabati. Zinabaki mbili. Kwa mwaka mmoja B ina nafuu, lakini hadi kuhitimu itagharimu 4,800,000, na C 4,200,000. Tena B inadai mwaka mmoja zaidi wa chumba, chakula na michango ya chuo. Ndiyo maana jedwali linahitaji safu ya mwisho: jumla hadi kuhitimu.

Mfumo wa masomo nao hubadili hesabu. Chuo Kikuu Huria kina kituo cha Mkoa wa Pwani hapo Kibaha, kwa hiyo kijana anaweza kusoma akilala nyumbani. Huko ada huhesabiwa kwa yuniti, na miaka 3 ni muda wa chini tu. Asiyemaliza yuniti zake kila mwaka huongeza miaka. Tumuulize, basi, atasajili yuniti ngapi kwa mwaka, na nani atamfuatilia.

Tunawaomba wanajumuiya: mkiombwa ada, ombeni kwanza jedwali hilo pamoja na picha ya ukurasa wa mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huohuo, kwa kuwa sifa hubadilika. Linganisheni masomo yaliyotajwa na matokeo ya kijana, somo kwa somo. Yakipishana, fedha zisubiri.