Napinga magari kufukuzwa katikati ya jiji

Ndugu Mwenyekiti, ndugu zangu wa Litumbandyosi, napinga hoja ya kuzuia magari binafsi katikati ya jiji.

Tutazame Nairobi. Desemba 3, 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Abiria walishushwa pembezoni wakatembea kwa miguu, na amri ikasimamishwa upesi. Januari 2019 serikali ikatangaza kuwa magari binafsi nayo yasiingie siku za Jumatano na Jumamosi, kuanzia Februari 1. Mpango huo uliahirishwa kabla ya kuanza. Amri ilitangulia, usafiri mbadala haukuwa tayari.

Sasa chukueni mkulima mwenye magunia matano ya maharage kwenye pikapu yake. Hilo nalo ni gari binafsi. Likizuiwa pembezoni, atalipa makuli wa kushusha, kisha mkokoteni hadi sokoni. Tuseme ni shilingi 2,000 kwa gunia: 10,000 imekwenda kabla hajauza, na mnunuzi hatamrudishia.

Foleni ipo, sikatai. Lakini anayeziba njia ni yule anayeegesha kutwa nzima. Huyo atozwe ada kubwa ya maegesho, na sisi tupangiwe saa za alfajiri za kushusha mizigo.