Wito: Njooni mtaje mshahara wenu darasani

Wazazi, walimu na nyinyi mliomaliza masomo hapa Mulongwe, tunaomba saa moja yenu. Kila mwaka, Mtihani wa Serikali ukishapita, wanafunzi wa darasa la mwisho hubaki na swali la kazi au masomo, na wengi hulijibu kwa kuangalia tu pesa itakayotoka mfukoni. Gharama ya fursa, yaani thamani ya kile unachokiacha ili upate ulichokichagua, wameiandika kwenye daftari la uchumi na imelala humo. Tuifundishe kwa sauti, mmoja akisimama mbele na wenzake wakihesabu pamoja naye.

Tuseme ni binti aliyesoma biashara. Depo ya saruji kule Kalundu iko tayari kumlipa dola 100 kwa mwezi. Yeye anatamani kuingia ISP, chuo cha ualimu hapahapa Uvira, asome lisansi miaka mitatu akiwa analala kwao. Tarakimu hizi ni za kujifunzia. Za kweli mtatuletea nyinyi.

“Binti, masomo yatakugharimu kiasi gani kwa mwaka?”

“Ada dola 300, fotokopi na mengineyo 100. Jumla 400, Mwalimu.”

“Na mshahara wa Kalundu umeuweka wapi?”

Hapo darasa zima litataka kuongeza 1,200. Pole pole. Kwenda Kalundu kwa pikipiki kunakula dola 15 kwa mwezi, kwa hiyo kinachobaki mkononi ni 85, au 1,020 kwa mwaka. Depo ikikubali kumchukua miezi miwili ya likizo, anarudisha 170. Anachokiacha kweli ni 850. Ukiongeza zile 400, mwaka mmoja wa chuo ni dola 1,250, na miaka mitatu ni 3,750.

Lazima atatokea wa kuongeza chakula. Aulizwe: akienda depo hatakula? Ugali na ndagala za mama yake atavikuta jioni, awe ametoka darasani au kwenye saruji, basi chakula kifutwe ubaoni. Vivyo hivyo ada ya sekondari aliyolipa baba: imekwenda, na hakuna uamuzi wa leo utakaoirudisha.

Kosa jingine ni la wanafunzi wenye bidii. Watasema binti angeweza pia kuuza samaki soko la Mulongwe, na kushona nguo, kisha wajumlishe mapato yote matatu. Siku yake ni moja. Akiwa depo hayuko sokoni, kwa hiyo inahesabiwa njia moja tu, ile bora kuliko zote alizoziacha. Ikiwa samaki wangemwachia dola 110 kwa mwezi, hiyo 110 inachukua nafasi ya 85, haikai juu yake.

Sasa tugeuze, maana hata depo ina gharama yake. Tuseme baada ya miaka mitatu depo ingemwachia dola 120 kwa mwezi, na lisansi ingempa 200, usafiri ukiwa umeshatolewa kote. Tofauti ni 80 kwa mwezi, 960 kwa mwaka. Zile 3,750 zitarudi kwa takriban miaka minne.

Lakini miaka hiyo minne haianzi siku ya kupokea diploma. Inaanza siku ya mshahara wa kwanza. Nchini kwetu mwalimu anaweza kufundisha muda mrefu kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, akiishi kwa michango ya wazazi. Binti akikaa mwaka mmoja bila kipato, anapoteza 1,440 ambazo depo ingempa, deni linafika 5,190, na kulirudisha kunachukua zaidi ya miaka mitano.

Mimi sisemi hesabu ndiyo iamue. Kuna nyumba ambamo ada ya wadogo zake inadaiwa Septemba hii, na mshahara wa miaka minne ijayo hauwezi kuilipa. Kuna pia anayependa kufundisha; huyo aulizwe kwa upole ni dola ngapi kwa mwezi yuko tayari kuzikosa ili afanye anachokipenda. Akijibu, amekwisha kuelewa somo.

Ndiyo maana tunawahitaji. Wauguzi, walimu, wafanyakazi wa bandari, wenye maduka: mje na mambo matatu tu, yaani mlilipa kiasi gani kusoma, mlisubiri miezi mingapi, na mshahara wa kwanza ulikuwa kiasi gani. Hakuna jina litakaloandikwa ubaoni. Wakuu wa shule, tupeni saa hiyo kabla vyuo havijafungua uandikishaji. Na aliyesubiri miaka miwili bila kulipwa asione haya kuja, kwa sababu bila yeye hesabu ya ubaoni itatoka nzuri kuliko hali ilivyo.