Jibini ya ukungu na mama mjamzito: kinachoilainisha ndicho kinachoipa hatari

Msomaji wetu mmoja ameandika: "Wifi yangu amekuja kutoka Ufaransa na kaniletea jibini ya duara ndani ya kiboksi cha mbao, imefunikwa ukungu mweupe kama pamba. Anasema huko wanaila na huo ukungu wake. Nina mimba ya miezi mitano na nina mtoto wa miaka minne. Tule au tutupe?"

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma huku sufuria iko jikoni. Mtoto wa miaka minne mwenye afya njema anaweza kuonja, mradi iwe imetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kiwandani. Wewe dada mwenye mimba, usiile ikiwa baridi. Ukitaka sana kuionja, ipikwe mpaka ichemke na kutoa mvuke hadi katikati, kisha uile ikiwa ya moto. Wifi yako hakukosea, hiyo ni zawadi ya maana. Shida ni kile kinachotokea ndani ya jibini yenyewe inapoiva, na hicho nataka tukielewe vizuri leo.

Kwa maelezo yake, nadhani ni ile ambayo kwenye kiboksi imeandikwa Camembert, nayo hutamkwa kamambea. Asili yake ni Normandi, kaskazini ya Ufaransa. Moja huwa na uzito wa gramu 250 hivi, na kuipata hutumika lita mbili na kidogo za maziwa.

Mwanzo wake hauna tofauti kubwa na mtindi wa nyumbani. Bakteria wa kugandisha hula sukari ya maziwa na kuacha asidi, ile inayoleta uchachu. Kisha huongezwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama. Protini kuu ya maziwa, kaseini, huelea kama vidonge vidogo mno vyenye vinyweleo, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyozuia vidonge kushikana. Kimeng'enya cha ndama hukata vinyweleo, vidonge vikagandana, na maziwa yakawa kitu kama uji mzito uliokaza. Kwa desturi ya Normandi, ganda hilo huchotwa kwa upawa na kumiminwa kwenye kibati chenye matundu, upawa mmoja baada ya mwingine, kwa kusubiri kama dakika 40 kila mara ili maji yajichuje yenyewe. Hakuna kukamua, na ndiyo maana jibini hii hubaki na maji mengi, karibu nusu ya uzito wake.

Baada ya siku moja unayo jibini nyeupe, kali kwa uchachu, inayokatika kama chaki. Kipimo cha asidi, pH, kiko karibu 4.6. Kumbuka namba hiyo. Katika uchachu wa namna hiyo vijidudu vingi vya maradhi hupata taabu kuzaliana, na ndiyo sababu mojawapo mtindi uliochacha vizuri huwa mlinzi wa maziwa.

Jibini hupakwa chumvi, na mbegu za ukungu hunyunyiziwa juu yake au huwa zimetiwa kwenye maziwa tangu mwanzo. Ukungu huu ni wa ukoo wa penisilia, ukoo ule ule uliotupa dawa ya penisilini, ingawa si aina ile ile. Jibini hupelekwa chumba chenye ubaridi wa nyuzi 12 hivi na unyevu mwingi. Hutangulia hamira za asili, kisha kufikia siku ya sita au ya saba ukungu umeifunika yote.

Sasa ukungu unataka chakula. Kitu rahisi kilichopo juu ya jibini ni ile asidi, kwa hiyo unaila, na asidi iliyo ndani husogea nje kujaza pengo, nayo huliwa. Ikipungua, ukungu hugeukia protini. Hutoa vimeng'enya vinavyokata kaseini vipande vipande, mpaka kufikia vipande vidogo kabisa ambavyo ukungu unaweza kuvitumia. Mabaki ya kazi hiyo ni amonia, ile harufu inayochoma pua kwenye banda la kuku lisilosafishwa. Amonia ni kinyume cha asidi, kwa hiyo pH ya ganda hupanda hadi kufikia 7 au kuzidi kidogo. Katikati hufuata polepole.

Watu wengi huamini kwamba vimeng'enya vya ukungu huzama hadi moyoni na kuyeyusha jibini yote. Sivyo. Haviendi mbali, ni milimita chache tu chini ya ganda. Kinacholainisha sehemu ya ndani ni kule kuondoka kwa asidi. Pale asidi inapoisha karibu na ganda, madini ya kalsiamu na fosfeti hugandia huko juu, na mengine huvutwa kutoka katikati kuelekea nje. Madini hayo yalikuwa kama saruji inayoshikilia tofali za kaseini. Saruji ikipungua, na kile kimeng'enya cha ndama kikiwa bado kinaendelea kukatakata humo ndani, ukuta hulegea. Wataalamu waliwahi kuweka jibini changa zisizo na ukungu wowote katika hewa yenye amonia, nazo zikalainika vile vile.

Ukikata Camembert ya wiki mbili utaliona jambo hili kwa macho. Chini ya ganda kuna utepe laini wa rangi ya maziwa mazito, na katikati bado kuna mstari mweupe wa chaki. Kila siku utepe huongezeka na chaki hupungua. Kwa Camembert ya Normandi yenye jina lililolindwa kisheria, sharti iwe na siku 21 angalau tangu kutengenezwa.

Mafuta nayo hayaachwi. Mafuta ya maziwa yamejengwa kwa mikia mitatu iliyofungwa pamoja, na kimeng'enya kingine cha ukungu hukata mikia hiyo. Mikia iliyokatika ndiyo huleta ukali wa ladha, na mingine hugeuzwa kuwa manukato, ikiwemo ile harufu ya uyoga mbichi. Kwenye jibini ya bluu kama Roquefort, inayotengenezwa kwa maziwa ya kondoo na kutobolewa kwa sindano ili hewa iingie ukungu ukue ndani, kazi hii ya mafuta ni kubwa zaidi, na ndiyo maana huchoma ulimi. Zile zenye ganda la rangi ya chungwa, zinazosuguliwa kwa maji ya chumvi, hutegemea zaidi bakteria. Hao ni jamaa wa karibu wa bakteria wanaokaa kwenye ngozi ya miguu yetu. Mtu akisema jibini hiyo inanuka soksi, hajaitukana.

Turudi kwenye ile namba. Jibini ilianza na pH ya 4.6, na sasa ganda lake liko 7 na ndani inakaribia 6. Ulinzi wa uchachu umeliwa wote. Maji ni mengi, na chumvi si nyingi kiasi cha kuzuia. Hapo ndipo anapopata nafasi bakteria aitwaye listeria, ambaye ana tabia mbaya ya pekee: anaendelea kuzaliana hata ndani ya friji.

Mwingine ataniambia, si maziwa yalichemshwa? Kuchemsha huua listeria aliyemo kwenye maziwa, na ni vizuri sana kuchagua jibini ya namna hiyo. Lakini jibini huwekwa ukungu, hugeuzwa, husuguliwa na kupangwa rafu baada ya kuchemsha, kwa wiki kadhaa. Akiingia wakati huo, hukuta makazi tayari. Uswisi ilijifunza kwa machungu. Kati ya 1983 na 1987 watu 122 waliugua huko magharibi ya nchi kwa ajili ya jibini laini ya kusuguliwa ganda, Vacherin Mont d'Or, na zaidi ya 30 wakafariki. Bakteria walipatikana kwenye ganda.

Kwa mtu mzima mwenye afya, listeria mara nyingi hupita kama tumbo kuvurugika siku mbili tatu. Kwa mjamzito, mama mwenyewe anaweza kuona homa ndogo na maumivu ya mwili tu, kama mafua, huku bakteria wakivuka kondo la nyuma. Matokeo yanaweza kuwa mimba kuharibika, mtoto kufia tumboni, au kuzaliwa akiwa na maambukizi makali. Wazee na wenye kinga iliyoshuka nao wamo kwenye hatari, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa jibini laini za ukungu.

Kama umeshaonja kipande kabla ya kusoma hapa, usikose usingizi, maana jibini nyingi hazina listeria. Ila ukipata homa, hata ikiwa ni wiki kadhaa baadaye, nenda kliniki na utaje kwamba ulikula jibini laini. Dalili zinaweza kuchelewa hivyo, na antibiotiki zipo. Usitegemee kuigandisha kwenye friza, baridi haimuui. Wala usitegemee pua. Harufu kali ya amonia inakuambia jibini imepitiliza kuiva, na ladha ya uchungu inakuambia protini zilikatwa vibaya, lakini listeria hana harufu.

Jibini ngumu, kama cheda au zile za kukwaruza juu ya tambi, zimeivishwa na bakteria walio ndani bila koti la ukungu. Hazina maji mengi, na ukavu, chumvi na asidi husaidiana kumzuia listeria. Mjamzito anaweza kula hizo, pamoja na zile za pembetatu za kupaka mkate.

Swali la mwisho huwa linafuata hili: ukungu uliojiotea kwenye jibini ya nyumbani, nao unaliwa? Huo hukuupanda wewe wala kiwanda, na baadhi ya aina zake hutoa sumu. Kwenye kipande kigumu, kata sentimita mbili na nusu kuzunguka na chini ya doa, bila kupitisha kisu kwenye ukungu wenyewe, na kilichobaki kitumike. Ikiwa ni jibini laini, iliyokwaruzwa au iliyokatwa slesi, itupe yote.