Salio Lako, Kosa Lao

Serikali ya Kenya ilipozindua ujenzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit mnamo Novemba 2025, wananchi walitajiwa bei: shilingi 8 kwa kila kilomita, ikipanda kwa asilimia 1 kila mwaka. Tangu hapo tumebishana juu ya hizo shilingi 8. Barabara ina takriban kilomita 175, kwa hiyo safari moja nzima ni kama shilingi 1,400, na anayelalamika ana sababu. Kinachoniudhi ni kwamba swali la jinsi pesa hizo zitakavyokatwa limeachwa pembeni kama jambo la mafundi. Kwangu mimi ndilo kubwa. Mwendeshaji wa barabara asiruhusiwe kugusa salio la dereva kwa tagi au kwa namba ya gari mpaka sheria imlazimishe yeye kuthibitisha kila makato.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja zao. Foleni hupungua, keshia hapati nafasi ya kutia mfukoni noti ya mtu, na hesabu za siku hufungwa bila kubishana. Yote ni kweli, na hakuna anayetaka kusimama kibandani akitafuta chenji huku matatu zikimpigia honi.

Tutazame tulicho nacho tayari. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imekuwa ikitumika tangu Mei 2022. Mwenye tagi huibandika kwenye kioo cha mbele na kuweka pesa mapema katika akaunti iliyounganishwa nayo. Akipita, antena husoma tagi, kizuizi huinuka, salio hushuka. Ada hutegemea umbali: kwa gari dogo, viwango vilivyoanza Januari 2024 vilikuwa kati ya shilingi 170 na 500. Maana yake mashine lazima ijue mambo mawili, ulipoingilia na ulipotokea.

Hapo ndipo penye kasoro. Antena inaweza kukosa kusoma tagi, kwa sababu betri yake imekufa, au kioo kina utando wenye chembe za chuma, au gari limebana sana lililo mbele. Kamera nayo inaweza kusoma KCC ikaandika KCG, hasa pleti ikiwa na matope. Iwapo rekodi ya kuingia haikupatikana, mfumo utakukata kiasi gani? Katika barabara nyingi duniani zinazotoza kwa umbali, aliyepoteza tiketi ya kuingilia hutozwa safari ndefu kuliko zote. Tuseme kanuni hiyo inatumika kwenye viwango hivyo, nawe umesafiri kipande cha shilingi 170 tu. Utakatwa 500, na shilingi 330 zimekwenda.

Nani atapiga simu kwa ajili ya shilingi 330? Dereva wa teksi atasubiri kwenye laini, ataombwa aandike barua pepe, ataambiwa alete ushahidi kwamba aliingilia pale anaposema. Ushahidi gani? Picha na kumbukumbu za lango zote ziko kwa mwendeshaji. Dereva anayelipa taslimu huona kiasi kabla ya kutoa pesa, na asipokubaliana nacho hubishana akiwa bado ameishika noti yake. Mwenye tagi hujua baadaye, kama atajua, wakati pesa zimeshahama. Na aliyekosea ndiye anayefaidika na kosa. Akikosea kwa hasara yake mwenyewe, atalitafuta na kulirekebisha wiki hiyohiyo. Akikosea kwa faida yake, ana haraka gani?

Tusiambiwe kwamba haya ni magumu kiteknolojia. Mama mboga wa Gikomba akipokea shilingi 20 kwa M-Pesa, hupata ujumbe papo hapo wenye jina la aliyetuma, saa, na salio jipya. Kampuni yenye uwezo wa kusoma pleti ya gari linalokimbia haiwezi kudai kwamba imeshindwa kutuma ujumbe unaosema umeingilia Capital Centre saa 1:10 asubuhi, umetokea Westlands, daraja la gari lako ni hili, umekatwa kiasi hiki. Hilo la daraja nalo lina maana: mashine inayopima urefu wa gari inaweza kulipandisha bei kwa sababu tu umefunga godoro kwenye keria.

Mkataba wa Mau Summit bado una miaka mingi mbele yake, na kanuni za utozaji zinaweza kuandikwa kabla ya gari la kwanza kulipa. Ziandikwe hivi: safari ambayo rekodi yake ya kuingia haipo itozwe kiwango cha chini kabisa. Dereva akipinga makato, pesa zirudi kwanza kwenye simu yake, kisha mwendeshaji alete picha. Salio lisilotumika lirejeshwe likidaiwa. Wabunge wa kaunti ambazo barabara hiyo inapita wanapaswa kuulizwa swali hili sasa, na wewe unayeendesha gari kwenda Nakuru ndiye wa kuwauliza.